Bunia: Sikukuu ya kuzaliwa ya kijana inayoisha mbele ya giza

Mjini Bunia, katika jimbo la Ituri, jua linazama karibu saa kumi na mbili ya magaribi, mwaka mzima. Kwa mama mmoja wa mtaa wa Mudzipela, hiyo ndiyo saa iliyoamua namna ya kupanga sikukuu ya binti yake aliyetimiza miaka 16. Mwaka uliopita hakuwa ameipima, na msichana wa miaka 15 alitafutwa usiku kwa muda wa karibu masaa matatu.

Msichana huyo hakupatwa na baya. Alikuwa amepanda pikipiki pamoja na rafiki yake, akaenda kwao na rafiki huyo. Lakini baba yake alipiga simu mara nyingi kwa nambari iliyokuwa kwenye mwaliko, bila jibu. Nambari ile ilikuwa ya binti mwenye sikukuu, na simu yake ilikuwa imezimika tangu saa kumi. Simu ya mama ilikuwa inawaka, lakini ndiyo iliyokuwa ikipiga muziki kwenye baffle. Hakuna aliyesikia ikiita.

Katika jimbo ambalo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa Mei 2021, mzazi hangoji asubuhi ili aulize mtoto yuko wapi. Baba yule alizunguka mitaa mitatu usiku. Tangu siku hiyo, jamaa hizo mbili zilisalimiana kwa shida.

Mwaka huu, majuma mawili mbele ya sikukuu, mama, binti na baba mdogo waliketi mezani na daftari. Binti alitaka wageni wengi na muziki hadi saa mbili ya usiku. Alisema kwamba ana miaka 16, si mtoto tena. Baba mdogo alimkumbusha kuwa Katiba ya nchi, katika kifungu cha 41, inamhesabu kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18 kuwa mtoto, na kwamba wageni wake wote wako chini ya umri huo. Kwa siku ile, watoto wa watu wangekuwa mikononi mwa nyumba yao.

Walianza na orodha ya wageni. Mwaka uliopita walialikwa 20, wakafika zaidi ya 40. Sababu waliijua: mmoja wa wageni aliweka picha ya mapambo kwenye WhatsApp, na jina la barabara juu yake. Safari hii binti alichagua majina 18. Pembeni ya kila jina waliandika jina la mzazi, nambari yake, na mtu atakayekuja kumchukua mtoto. Mzazi asiye na simu aliandikiwa nambari ya jirani. Kasha moja la soda lina chupa 24, basi zilibaki chupa sita kwa watu wa nyumba na kwa wasiotazamiwa.

Wasiotazamiwa walikuwa na kanuni yao. Baba mdogo angekaa langoni na orodha. Asiye kwenye orodha hafukuzwi njiani peke yake, kwa kuwa mtoto aliyefukuzwa haendi nyumbani, anakwenda kwingine. Anaketishwa karibu na lango, mzazi wake anaitwa, na mzazi ndiye anayesema kama abaki au arudi.

Kisha saa. Mwaliko wa mwaka uliopita uliandika tu « mwanzo saa 8 ». Waliohesabu kwa Kiswahili walifika saa nane ya mchana. Waliohesabu kwa Kifaransa walifika saa mbili ya usiku, wakati wa kwanza walipaswa kuwa wamerudi kwao. Mwaliko mpya uliandika saa kwa namna mbili: kuanza saa nane ya mchana (14h00), kumaliza saa kumi na moja na nusu ya jioni (17h30). Nusu saa ile iliyobaki mbele ya giza ni ya njia.

Gato nayo ilibadilishwa saa. Watu hawatoki mbele ya gato kukatwa, na mwaka uliopita ilikatwa usiku. Safari hii ilipangwa kukatwa saa tisa na nusu. Muziki ungezimwa saa kumi na moja kamili, maana vijana hawaanzi kutafuta viatu na mifuko yao muziki ukiwa unalia. Ili binti asione kwamba amenyimwa kila kitu, binamu zake wawili waliruhusiwa kulala pale na kuendelea na sinema.

Juu ya simu ndipo mabishano yalikuwa makali. Mama alitaka kuzikusanya zote langoni. Binti akamwuliza: « Mama, na mzazi akimwita mtoto wake, nani atajibu? » Walikubaliana kwamba kila mtu abaki na simu yake, lakini asitume picha wala kutaja mahali sikukuu ikiwa inaendelea. Shangazi mmoja tu ndiye angepiga picha. Angezituma kesho yake kwa wazazi, na picha ambayo mwenyewe haipendi ingefutwa. Kanuni hiyo iliandikwa kwenye mwaliko, ili mtu asiipate langoni kama adhabu.

Mwisho ilikuwa namna ya kumpata mwenye nyumba. Mwaliko ulikuwa na nambari mbili, ya mama na ya baba mdogo, kwenye mitandao miwili tofauti, kwa sababu mtandao mmoja ukianguka, mwingine unaweza kubaki. Simu hizo zilijazwa moto usiku wa Ijumaa, kwa kuogopa umeme kukatika, na hazikuruhusiwa kupiga muziki. Kila mzazi aliombwa abipu mbele ya Ijumaa jioni. Wazazi 15 walibipu. Watatu hawakubipu, mama akawaita mwenyewe, akagundua kwamba nambari moja kati ya hizo ilikuwa imeandikwa vibaya. Kama angengoja siku yenyewe, angeijua wakati wa giza.

Jumamosi walifika wageni 16 wa orodha na watatu wasioalikwa. Wawili kati ya hao watatu walikubaliwa na wazazi wao, mmoja alichukuliwa na dada yake. Kila mtoto alipotoka, baba mdogo alitia alama kwenye daftari na kutuma ujumbe mfupi kwa mzazi: ametoka saa ngapi, na nani. Aliyepanda pikipiki, nambari ya pikipiki iliandikwa pia.

Kanuni hazikuzuia kila kitu. Picha moja ilitoka hata hivyo, na binti mwenyewe alimwomba rafiki yake aifute. Kijana mmoja alibaki hadi saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa kuwa kaka yake alichelewa. Rafiki zake walitaka kumpakia kwenye pikipiki, lakini aliyeandikwa kumchukua alikuwa kaka, basi alikaa barazani na sahani ya wali. Mama yake alijaribu nambari ya kwanza, haikupita. Akaita ya pili, baba mdogo akajibu mara moja, akampa mtoto simu aongee naye.

Yule msichana aliyetafutwa mwaka uliopita alikuwa wa nne kwenye orodha. Baba yake alikuja kumchukua mwenyewe saa kumi na moja na robo. Aliomba kuona daftari, akatazama jina la binti yake likiwekwa alama, kisha akakubali kuingia na kunywa soda.