Picha 120 za Kiberiti na Ukuta Usiotulia

Weka kiberiti mezani, kipige picha, kisogeze kidogo, upige tena. Ukizicheza picha hizo kwa kasi ya 12 kwa sekunde, kiberiti kinatembea chenyewe. Tukio la sekunde kumi linataka picha 120, na mtu mmoja mwenye subira anazimaliza kwa jioni moja. Anapokaa kutazama ndipo anapoona kiberiti kinatembea vizuri, ila ukuta ulio nyuma yake unang'aa na kufifia kama taa inayotaka kuungua.

Mtu wa kwanza kushukiwa ni simu yenyewe. Kamera ya simu imeundwa ili kila picha ipendeze kivyake, kwa hiyo kila unapobonyeza inapima mwanga upya. Kikombe cheupe kikiingia pembeni, simu inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na ukuta unageuka kijivu. Kikombe kikitoka, ukuta unarudi ulivyokuwa. Dawa yake ni kuinyima simu uamuzi. Kwenye Android nyingi kuna hali inayoandikwa "Pro", na programu za kazi hii kama Stop Motion Studio nazo zina mipangilio ya mkono. Funga vitu vinne: fokasi, ISO (iweke chini, 100 hivi), muda wa kufunguka kwa kamera, na rangi ya mwanga inayoandikwa WB. Zima pia HDR, kwa sababu hiyo huunganisha picha kadhaa kuwa moja na kuamua upya kila mara vivuli vikolezwe kiasi gani.

Muda wa kamera una hesabu yake. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na balbu nyingi zinazochomekwa ukutani hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa 1/500 unakata kipande tu cha pigo moja la mwanga, na picha inayofuata itakata kipande kingine. Ukipiga kwa 1/25, mapigo manne mazima yanaingia ndani ya kila picha, kwa hiyo zote zinapata mwanga sawa. Kiberiti hakikimbii, basi hata 1/10 inafaa, mradi simu imebanwa kwenye stendi na unabonyeza kwa kitufe cha sauti cha hedifoni badala ya kugusa kioo. Kutaka kuijua balbu, itazame kupitia kamera iliyowekwa 1/1000. Mistari myeusi ikipita kwenye kioo, balbu hiyo inapiga sana.

Dirisha usiliamini kabisa. Wingu moja likipita, picha ishirini zimeharibika, na jua linasogeza vivuli hata siku isiyo na wingu. Funga pazia zito au fanya kazi usiku, kwa balbu mbili ambazo hazitaguswa mpaka mwisho.

Kabla ya kusogeza chochote, piga picha 24 za meza tupu, kisha zicheze. Zikipepesa, kosa liko kwenye taa au kamera. Zikitulia, halafu mpepeso ukaja kazi ilipoanza, kosa ni wewe: shati jeupe linarudisha mwanga mezani, na kila ukiinama kwa namna tofauti ukuta unabadilika. Vaa nguo nyeusi na simama palepale kila unapopiga.

Kinachobaki baada ya hapo ni kidogo, na ndicho programu inaweza kukisawazisha. Kwenye kompyuta, ffmpeg ya bure inaunganisha picha na kupunguza mpepeso kwa amri moja:

```
ffmpeg -framerate 12 -i picha_%04d.jpg -vf "scale=1920:-2,deflicker=size=5" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p filamu.mp4
```

Kichujio cha `deflicker` hupima mwangaza wa picha nzima, hutafuta wastani wa picha tano zilizo jirani, kisha huivuta kila picha kuelekea wastani huo. Hakijui hadithi yako. Ukiwasha taa makusudi ndani ya tukio, kitaulainisha mwako huo. Na kile kikombe cheupe kikiingia, kinaweza kuutia ukuta giza, yaani kosa lilelile tulilolikimbia kwenye simu. Rangi iliyobadilika hakiirekebishi, wala kivuli kinachorukaruka kwenye kona moja.

Na si kila kinachochezacheza ni mwanga. Katika King Kong ya 1933, manyoya ya sokwe hutikisika bila upepo kwa sababu vidole vya wahuishaji viliyagusa kati ya picha na picha. Hilo kichujio hakiligusi.

Ikiwa ni picha moja tu iliyotoka na giza, usihangaike na kichujio. Ifute, rudia ile iliyoitangulia, na uipe namba yake ili mfuatano usikatike. Kiberiti kitasimama kwa sehemu ya sita ya sekunde, na watazamaji wengi hawatagundua, isipokuwa kama kilikuwa katikati ya mruko. Hapo itabidi upige upya.