Picha ya Kosa la VLOOKUP: Anza na Upau wa Fomula

Picha nyingi za skrini zinazotumwa kuomba msaada wa Excel huonyesha seli yenye kosa tu. Jibu kwa kawaida liko juu zaidi, kwenye upau wa fomula, ule mstari mrefu ulio juu ya herufi za safuwima. Bofya kwanza seli yenye kosa, kisha piga picha inayouonyesha upau huo, herufi za safuwima na namba za mistari. Seli inakuambia kosa ni la aina gani, na upau unakuonyesha limeingilia wapi.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi. Faili lina karatasi mbili: Ankara, na nyingine iitwayo Bei yenye namba ya bidhaa, jina na bei. Karani anaandika fomula hii kwenye C2 ya Ankara:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!A2:C40,3,FALSE)
```

Maana yake: chukua namba iliyo A2, itafute katika safuwima ya kwanza ya eneo A2:C40 la karatasi ya Bei, ukiipata niletee kilicho kwenye safuwima ya 3 ya eneo hilo. FALSE inadai namba ifanane kabisa. Usiiache: bila hiyo Excel inaweza kukuletea bei ya bidhaa nyingine bila kuonyesha kosa lolote, na ankara itatoka hivyo hivyo.

C2 inaleta bei sawasawa. Karani anainakili fomula kwenda chini, na C9 inatoa #N/A. Kosa hili linasema kwamba fomula imetafuta na haikukuta. Lakini namba 104 iliyoko A9 anaiona kwa macho yake kwenye karatasi ya Bei, mstari wa 5. Sasa asome upau wa fomula wa C9:

```
=VLOOKUP(A9,Bei!A9:C47,3,FALSE)
```

Eneo la kutafutia limeteremka pamoja na fomula. Linaanzia mstari wa 9, kwa hiyo mstari wa 5 umebaki nje. Seli za juu yake zimefanikiwa kwa sababu bidhaa zake ziko chini zaidi kwenye orodha. Ukiona picha ambayo mistari ya juu iko salama na makosa yanaongezeka kadiri unavyoshuka, shuku hili kabla ya jingine lolote. Dawa ni kulifunga eneo kwa alama ya dola: rudi C2, chagua A2:C40 yote ndani ya fomula, bonyeza F4 (kompyuta mpakato nyingine hudai Fn+F4), kisha unakili upya.

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$C$40,3,FALSE)
```

Eneo likishafungwa na #N/A ikabaki, tazama namba zenyewe zimekaa upande gani wa seli. Kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, namba halisi huegemea kulia, na namba iliyohifadhiwa kama maandishi huegemea kushoto, mara nyingi ikiwa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona. Kwa VLOOKUP, 104 ya maandishi na 104 ya namba ni vitu viwili tofauti. Hutokea sana orodha inapotolewa kwenye mfumo mwingine. Chagua seli hizo, bofya alama ya tahadhari inayojitokeza pembeni, kisha Convert to Number. Zikiwa zote zimekaa sawa na kosa bado lipo, huenda bidhaa hiyo kweli haijaingizwa kwenye orodha, na hapo fomula haina kosa.

#REF! ni habari nyingine kabisa: fomula imeelekezwa mahali pasipokuwepo. Tuseme mtu amefuta safuwima ya majina kwenye Bei. Excel inalipunguza eneo lenyewe, lakini ile 3 haiigusi:

```
=VLOOKUP(A2,Bei!$A$2:$B$40,3,FALSE)
```

Hesabu safuwima kutoka A hadi B: ni mbili, na fomula inadai ya tatu. Bei sasa imo kwenye ya pili, hivyo badilisha 3 iwe 2.

Hali nzito zaidi ni pale #REF! inapoonekana ndani ya fomula yenyewe:

```
=VLOOKUP(A2,#REF!$A$2:$C$40,3,FALSE)
```

Hapa karatasi nzima ya Bei imefutwa. Safuwima iliyofutwa hurudi kwa Ctrl+Z, lakini karatasi iliyofutwa hairudi kwa njia hiyo. Kama faili halijahifadhiwa tangu ifutwe, lifunge bila kuhifadhi na ulifungue tena. Likiwa limeshahifadhiwa, tafuta nakala ya zamani iliyo na karatasi hiyo kabla hujaigusa fomula yoyote.