Mgeni Katika Safu

Chukua waya wa shaba nyekundu, uupashe moto mpaka uwe mwekundu kama kaa, kisha uache upoe. Utaona kwamba hata mkono wa mtoto waweza kuupinda kama ukindu. Fanya vivyo hivyo kwa waya wa shaba ya manjano wa unene ule ule, nayo si kitu ila shaba iliyotiwa zinki, na hapo utalazimika kukaza vidole. Zinki yenyewe haisifiki kwa nguvu. Basi ugumu huo umetoka wapi?

Ndani ya shaba, atomu zimepangika safu juu ya safu, kila moja ikizungukwa na jirani 12, na kila moja imeachilia elektroni yake ya nje isiwe milki ya yeyote, bali iwe ya jamii nzima, ikitembea humo huku na huko. Elektroni hizo za shirika ndizo gundi yao. Na kwa kuwa hazikumfunga jirani huyu kwa yule peke yake, tabaka laweza kuteleza juu ya tabaka pasipo muungano kukatika, na ndiyo sababu shaba hutandazika chini ya nyundo, ilhali chumvi ya mawe hupasuka.

Wala tabaka haliondoki lote kwa mara moja. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walibainisha kwamba hutangulia kasoro nyembamba kama mstari, ikisogea safu kwa safu, mfano wa mtu asiyeweza kulikokota zulia zito, akalikunja kidogo upande mmoja, kisha akausukuma mkunjo huo mpaka ng'ambo ya pili.

Sasa ingiza zinki. Atomu yake huizidi ile ya shaba kwa kadiri ya asilimia 4, hata ikikaa safuni huwabana jirani zake, na mkunjo ufikapo hapo hukwama. Katika feleji, mgeni ni kaboni, mdogo mno, ajipenyezaye baina ya atomu za chuma. Chini ya sehemu 1 katika 100 yatosha. Mhunzi azamishapo kisu chekundu majini, kaboni hunaswa kabla haijapata njia ya kutoka, na kisu huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hukipasha tena taratibu mpaka uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu, yapata nyuzi 230 za Selsiasi.

Lakini zinki ikipita nusu, shaba huvunjika badala ya kupindika. Tena vizuizi vile vile huzikwaza elektroni: shaba yenye zinki asilimia 30 hupitisha umeme kwa robo na ushei tu ya shaba safi. Ndiyo maana fundi wa bawaba huwakaribisha wageni, na fundi wa umeme huwafukuza.