Zinki hupunguza, au huenda ikapunguza?

Mwaka 2016 Cochrane walitoa mapitio ya kimfumo ya majaribio 33 kuhusu zinki kwa watoto wanaoharisha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayepita nyumba kwa nyumba na pakiti za ORS na vidonge vya zinki mkobani, anahitaji ukurasa mmoja tu wa mambo hayo. Ugumu wa kuuandika uko kwenye vitenzi.

Kwa watoto wenye umri wa zaidi ya miezi sita, muda wa kuharisha ulipungua kwa wastani wa saa 11 na nusu hivi, ila uhakika wa ushahidi huo ni mdogo. Idadi ya wanaoendelea kuharisha hadi siku ya saba nayo ilipungua, na hapo uhakika ni wa kati. Kwa wenye dalili za utapiamlo, muda ulipungua kwa takriban siku nzima, na uhakika ni mkubwa.

Ukiandika “zinki hupunguza” kote, umeharibu. Hiyo “hu-” ni ya jambo la kawaida lisilo na shaka, kwa hiyo naiweka kwa watoto wenye utapiamlo peke yao. Uhakika wa kati nauandikia “inaelekea inapunguza”, na ule mdogo “huenda ikapunguza”. “Pengine” siitumii kabisa, maana wasomaji wengi hawaitofautishi na “huenda”.

Kisha kuna 0.73, uwiano wa hatari ya kuharisha hadi siku ya saba. Ukisema “hatari inapungua kwa asilimia 27”, mhudumu ataelewa kuwa watoto 27 kati ya 100 wanapona kwa zinki. Sivyo. Tuseme, kwa mfano tu, bila zinki watoto 20 kati ya 100 wangefika siku ya saba wakiharisha. Wakipewa, watakuwa kama 15. Waliookolewa na adha hiyo ni watano. Hesabu watoto, achana na asilimia.

Usifiche kwamba zinki inaelekea inaongeza kutapika. Mama asipoambiwa, ataacha dawa siku ya pili. Tena kwa watoto wa chini ya miezi sita, mapitio hayakuona muda wa kuharisha ukipungua, ilhali mwongozo wa WHO unawapa zinki. Liandike hilo bila kuficha, halafu mwelekeze mhudumu kwenye mwongozo wa wizara, kwani muhtasari haubadilishi dozi.

Kabla ya kuchapa, mpe mhudumu mmoja ausome ukurasa huo, kisha muulize: “Mtoto ametapika baada ya kidonge, utamwambiaje mama yake?” Akijibu kuwa atamwambia aache dawa, aya ya kutapika iandikwe upya.