Usaili wa Ziada Baada ya Kuambiwa Umemaliza

Tumchukue mhasibu wa Dar es Salaam aliyeomba kazi kupitia wakala wa ajira. Amepita usaili wa simu, mtihani wa uhasibu na kikao cha jopo. Wakala akamwambia, "Umemaliza, subiri barua." Wiki iliyofuata anapigiwa tena: mkurugenzi wa fedha anataka kumwona. Ni haki yake kukasirika, lakini kabla hajajibu afahamu kilichotokea upande wa pili.

Wakala hulipwa na mwajiri, na uamuzi si wake. Anaposema usaili umekwisha, anarudia ratiba aliyopewa. Ratiba hiyo hubadilika hasa kwa sababu tatu: mkubwa anayetia saini bado hajamwona mwombaji, jopo limegawanyika kati ya watu wawili, au kuna jibu lililoacha shaka. Kila sababu ina maandalizi yake, kwa hiyo kwanza aulize. Anaweza kuandika hivi:

"Asante kwa taarifa. Nilielewa kwamba usaili wa Jumanne ulikuwa wa mwisho. Niko tayari kuonana na mkurugenzi. Naomba kujua tutazungumzia nini, kwa muda gani, na kama kuna hatua nyingine kabla ya uamuzi."

Ujumbe huu unataja ahadi ya awali bila ugomvi, na majibu yake yana mengi. Akiambiwa ni nusu saa ya kufahamiana, huenda jopo limeshampendekeza na imebaki ridhaa ya mkubwa. Ajiandae kueleza atakayofanya katika miezi ya kwanza, na asiyumbe kuhusu mshahara aliokwisha kuutaja. Akiambiwa watarudia suala la kulinganisha daftari na taarifa ya benki, hapo ndipo penye shaka. Aende na mfano wa kazi aliyoifanya, aueleze hatua kwa hatua bila kutoa siri za mwajiri wake. Wakala asipojua ni nani atakayemsaili wala kitakachofuata, huenda kampuni haijakubaliana kuhusu nafasi yenyewe. Akubali kikao hiki kimoja, ila aombe tarehe ya uamuzi. Wakiongeza kingine bila sababu, anaweza kukataa kwa heshima.

Kama ana kazi nyingine aliyopewa na anatakiwa kuijibu kufikia Ijumaa, aseme hivyo. Asibuni ofa isiyokuwepo, maana wakala anaweza kumuuliza maswali yatakayomuumbua.

Jambo moja asilifanye: kuacha kazi aliyonayo kwa kutegemea neno la simu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Siku hizo aanze kuzihesabu akishapata barua ya ajira yenye mshahara na tarehe ya kuanza, iliyosainiwa na pande zote mbili. Kwa mwajiri mpya, ataje tarehe ya kuripoti inayomwachia muda huo wa notisi.