Vitamini ya kutoa povu: chumvi isiyoonekana ndani ya glasi ya mgonjwa wa tansyo

Mu farmasi za Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, kikopo kirefu cha plastiki chenye picha ya chungwa hakikosekani karibu na dirisha la muuzaji. Ndani yake muko vidonge vikubwa vya vitamini C, ao vya vitamini nyingi pamoja. Mtu anatupa kimoja ndani ya glasi ya maji, kinachemka, kinatoa povu, maji yanageuka rangi ya chungwa, na anakunywa. Wengi wanasema inawaondolea uchovu. Watoto wanaipenda sawa vile juu ya maji matamu. Karibu hakuna mtu anaiita dawa.

Jambo hilo la kutoiita dawa ndilo linaleta shida kwa wagonjwa wa tansyo. Mu kituo cha afya, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

«Mama, chumvi ulipunguza?»

«Nilipunguza, munganga. Hata mu sombe naweka kidogo tu. Makayabo niliacha kabisa.»

«Na dawa zingine unakunywa?»

«Hapana, ni zile ulinipatia tu. Na ile vitamini ya povu, asubuhi na mangaribi.»

Munganga ambaye hajui mambo ya povu ataandika kwamba mgonjwa anafuata masharti vizuri, na pengine ataongeza kipimo cha dawa. Yule anayejua atamwomba mama alete kikopo.

Ili kuelewa sababu, inafaa kujua povu linatoka wapi. Kidonge cha kawaida cha kumeza hakichemki. Ili kichemke, wenye kiwanda wanachanganya vitu viwili vikavu: asidi, mara nyingi asidi ya sitriki ile iko pia ndani ya ndimu, na bikarbonati ya sodiyumu, ile mama wengi wanaijua juu ya kupikia mikate na kulainisha maharagwe. Vikikaa vikavu, vinalala pamoja bila kugombana. Vikiguswa na maji tu, vinaungana na kutoa hewa ya gazi karboniki, na hilo ndilo povu. Ndiyo maana kifuniko cha kikopo kina punje za kukausha unyevu ndani yake. Kidonge kikipata unyevu wakati wa mvua kinavimba na kulainika, na ukikitupa mu maji hakichemki tena vizuri.

Gazi inapanda na kupotea hewani. Sodiyumu haipotei. Inabaki ndani ya maji na mtu anainywa yote. Katika grama 1 ya bikarbonati (NaHCO3) muko karibu miligrama 274 za sodiyumu, na kidonge kikubwa cha kuchemka kinaweza kubeba grama moja hivi ya bikarbonati, ao kuipita. Sodiyumu ni ile ile ya mu chumvi ya mezani. Ulimi tu ndio hauitambui, kwa sababu ladha ya chumvi tunayoijua inatoka kwa sodiyumu ikiwa pamoja na kloridi. Hapa imeungana na asidi ya sitriki, tena sukari ya kiwanda na harufu ya chungwa vinaifunika. Mtu anaweza kutupa mboga yenye chumvi nyingi kwa sababu ulimi umemwonya. Glasi hii haimwonyi.

Sasa tufanye hesabu ya yule mama. Tuseme kikopo chake kimeandikwa miligrama 280 za sodiyumu kwa kila kidonge, hesabu ambayo si ya ajabu kwa vitamini za namna hiyo. Asubuhi kimoja, mangaribi kimoja: 560. Kugeuza sodiyumu kuwa chumvi, unazidisha kwa 2 na nusu. Kwa hiyo mama anakunywa sawa na grama 1.4 za chumvi kila siku juu ya ile ya chakula. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asipite miligrama 2,000 za sodiyumu kwa siku, ni kusema grama 5 za chumvi, ambazo hazijazi vizuri kijiko cha chai. Vidonge viwili peke yake vimekula zaidi ya robo ya kipimo hicho, mbele ya kugusa sahani.

Kisha siku fulani kichwa kinamuuma. Anatuma mtoto kununua paracetamoli, na mtoto anarudi na ile ya kuchemka, juu inasemekana inafanya kazi haraka. Kidonge kimoja cha paracetamoli ya povu cha miligrama 500 kinaweza kuwa na sodiyumu miligrama 400 na kidogo. Akikunywa vinne siku hiyo, ni zaidi ya 1,600. Ukiweka na 560 za vitamini, amepita 2,000 kupitia glasi za maji peke yake. Chumvi aliyoipunguza mu sombe imerudi kwa mlango mwingine, tena nyingi zaidi.

Ndani ya mwili, kazi ya sodiyumu inajulikana. Inashika maji. Figo zikishindwa kuitoa haraka, maji yanabaki mu damu, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ile ile, na presha inapanda. Kwa kijana mwenye figo nzima, sodiyumu inatoka na mkojo na pengine hatasikia kitu. Kwa mzee, kwa mwenye ugonjwa wa figo, ao kwa mtu mwenye tansyo tayari, inatoka polepole. Mwenye moyo dhaifu ndiye wa kuogopewa zaidi: miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi akilala chali, uzito unapanda kilo mbili ao tatu ndani ya siku chache bila kula zaidi. Dalili hizo hazingoji randevu ya mwezi ujao.

Je, wamepima kweli, ao ni hesabu za kwenye karatasi? Wamepima. Mu mwaka wa 2013, watafiti wa Dundee huko Skotlandi na wa London walichapisha uchunguzi juu ya mafaili ya wagonjwa zaidi ya milioni moja wa Uingereza. Waliokuwa wakiandikiwa dawa za kuchemka ao kuyeyuka zenye sodiyumu walionekana kupata tansyo mara saba hivi kuliko wale waliopewa dawa zile zile bila sodiyumu. Uchunguzi wa mafaili una upungufu wake: hauonyeshi mtu alikula chumvi kiasi gani nyumbani, wala alinunua nini mwenyewe mu farmasi. Lakini mu Hispania, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2018 lilichukua wagonjwa wa tansyo na kuwapa paracetamoli grama 3 kwa siku, majuma fulani ile ya povu, majuma mengine ile ya kumeza. Wakati wa povu, presha ya juu ilikuwa imepanda karibu milimita 4 za zebaki. Kwa mwenye kuhesabu tansyo «16 kwa 9», 4 hiyo haifiki hata nusu ya alama. Ni kidogo kwa siku moja. Kwa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, si kidogo tena.

Majaribio hayo yalikuwa hasa ya paracetamoli na dawa zingine, si ya vitamini. Tena wako wataalamu wanaosema sodiyumu ya bikarbonati inapandisha tansyo kidogo kuliko ile ya chumvi ya mezani. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu kwamba kidonge kimoja cha vitamini kwa juma kitamuua. Hatari iko kwa yule anayekunywa kila siku, viwili ao zaidi, na ambaye tansyo yake inakataa kushuka ijapokuwa anakunywa dawa.

Namna ya kujua ni kusoma kikopo. Tafuta neno sodiyumu lilivyoandikwa kwa Kifaransa, ao herufi mbili Na, kisha namba ya miligrama. Kwa dawa zinazotoka Ulaya, sheria ya huko inataka sodiyumu iandikwe kwenye karatasi ya ndani, na kama kipimo cha siku kinafika miligrama 391, lazima waonye wale wenye kula bila chumvi. Lakini vitamini nyingi zinauzwa kama nyongeza ya chakula, si kama dawa, na kwa hizo hesabu ya sodiyumu inaweza kukosekana kabisa. Hapo angalia orodha ya vitu vilivyotiwa. Ukiona E500, ni bikarbonati ao karbonati ya sodiyumu. E331 ni sitrati ya sodiyumu. Ikiwa ni E501, wameweka potasiyumu pahali pa sodiyumu. Wengine wanafurahi wakiona hivyo, lakini mwenye ugonjwa wa figo, ao mwenye kutumia dawa fulani za tansyo zinazobakiza potasiyumu mwilini, aulize munganga kwanza. Na kama kidonge kinatoa povu lakini hakuna chochote kimeandikwa, heri kuhesabu kwamba sodiyumu iko.

Mama wa mfano wetu hakatazwi vitamini. Kidonge cha vitamini C cha kumeza ao cha kutafuna karibu kila mara kina sodiyumu kidogo sana kuliko cha povu, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Tena, mapera yanayoanguka chini ya miti mu vijiji vya Kivu yana vitamini C ya kutosha: grama 100 za pera zina zaidi ya miligrama 200, na mtu mzima hahitaji hata 100 kwa siku. Ile miligrama 1,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kikopo, sehemu kubwa inaishia chooni.

Akitaka kujua kama povu ndilo lilikuwa linamsumbua, aache vidonge hivyo majuma mawili, aendelee na dawa zake za tansyo bila kuruka hata siku moja, na apimwe mara kadhaa kwa saa ile ile, akiwa amekaa na kupumzika dakika tano. Namba zikishuka, munganga atajua la kufanya na kipimo cha dawa. Mgonjwa asikipunguze mwenyewe.

Iko glasi moja yenye sodiyumu ambayo mgonjwa wa tansyo hapaswi kuikataa. Ni serumu ya kunywa, ile pakiti wanachanganya mu litri moja ya maji safi mtu akiharisha. Ina sodiyumu miligrama 1,700 na zaidi kwa litri, na imewekwa kwa makusudi, kwa sababu anayeharisha sana amepoteza maji na chumvi pamoja. Mu maeneo yetu ambapo kolera inarudi mara kwa mara, mzee mwenye tansyo akianza kuharisha maji matupu, apewe serumu mara moja na apelekwe kwenye kituo, na familia iseme kule dawa gani za tansyo anakunywa, kwa sababu zile za kukojolesha zinaweza kusimamishwa kwa muda na munganga.