Mwenye mshahara na mwenye belo

Kwa miaka kumi ndugu hawa wawili hawakukaa kwenye mkeka mmoja. Dada mkubwa ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Rukwa. Mdogo wake anauza blauzi za mitumba Karume, Dar es Salaam. Majina yao hawakutaka yaandikwe, nami nimeheshimu. Walikutana tena kwa mama yao, Korogwe, Desemba 2024.

Waliachana 2014, siku ya tatu baada ya kumzika baba. Dada alikuwa amesomeshwa uuguzi kwa fedha ya ng'ombe wa baba, miaka mitatu ya stashahada, kisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha ajira ya serikali. Mdogo aliomba naye apewe kiasi kama hicho awe na mtaji. Dada akasema mbele ya wajomba kwamba hiyo ni kumpa mtu fedha akachezee kamari. Wajomba walimpa mdogo fedha, lakini neno lile lilikuwa limeshamwingia.

Tusimlaumu dada haraka. Belo hununuliwa likiwa limefungwa. Muuzaji wa jumla atakwambia ni blauzi, gredi ya kwanza, kilo 45. Kilichomo ndani hukijui hadi ukate kamba. Mdogo alinipigia hesabu ya belo la shilingi 480,000 lenye blauzi kama 220. Likiwa zuri, nguo 40 zinauzwa 7,000 kila moja, 100 zinakwenda kwa 2,500, 60 zinamwagwa chini kwa 1,000, na 20 ni za kutupa. Hapo anapata 590,000. Akitoa 30,000 za mkokoteni, ushuru na nauli, faida ni 80,000.

Likiwa baya, zile za 7,000 hazifiki hata 15. Anajua mapema, maana wateja wake wa siku zote huwahi siku ya kufungua, wakapekua tabaka la juu. Wakiondoka mikono mitupu, belo limekufa. Belo la namna hiyo liliwahi kumrudishia 379,000 tu. Faida ya belo zuri haitoshi kuziba pengo hilo.

Usiku wa kuamkia Januari 16, 2022, soko la Karume liliungua. Mabelo yake mawili yaliteketea, moja akiwa amelichukua kwa mkopo. Dada alisikia kwenye taarifa ya habari, akamtumia 50,000 kwa simu. Fedha ikarudishwa siku hiyohiyo, bila ujumbe.

Korogwe, mdogo ndiye aliyeanza. "Dada, ulinitumia hamsini. Nilidhani unanicheka."

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo niliyokuwa nayo."

Akamtolea hati ya mshahara. Dada alikuwa amekopa benki kwa ajili ya nyumba, marejesho ya miaka minane, yakikatwa kabla fedha haijamfikia. Sheria inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, naye alikuwa ameifikia theluthi hiyo. Hata mama alipolazwa, gharama za kila siku zilitoka Karume, kidogo leo, kidogo kesho, kwa sababu mwenye duka hushika fedha kila jioni. Dada hakuwahi kuambiwa zinatoka wapi. Mama alificha, akiogopa kuwagombanisha zaidi.

Upande wa pili nao una shimo lake. Mdogo hana bima ya afya wala pensheni, na akiugua wiki moja, kibanda kinafungwa. Dada akiugua, mshahara unaingia. Mdogo aliuliza sana kuhusu uchangiaji wa hiari katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na dada akamweleza kwa subira, swali kwa swali.

Kilichonishangaza mimi ni kalenda. Mdogo hafungui belo tarehe 10. Anangoja tarehe 24 au 25, mishahara ya serikali ikishaingia, maana wanunuzi wake wa nguo za 7,000 ni walimu, makarani na wauguzi. Biashara yake ya hatari inaegemea mishahara ya watu kama dada yake, na kabla ya siku ile hakuna kati yao aliyewahi kulisema hilo.

Dada akataka kuingia. Alisema angeongeza mkopo marejesho ya nyumba yakiisha, amletee milioni mbili.

"Fedha ya mkopo usinipe, dada. Belo halijui tarehe ya makato. Nipe ile uliyoiweka mwenyewe, nusu ya belo moja, na nusu nitie mimi. Likifa, tunakufa nusu nusu."

Dada akakubali 240,000, kwa sharti moja: siku ya kufungua, mdogo ahesabu kila gredi na kumtumia idadi kabla ya kuuza hata nguo moja. Mdogo akaongeza lake: wafungue Februari, si Januari, kwa sababu Januari wateja wake wote wanalipa ada za shule.